Mikia ya Bande Namba Saba

Siku yenyewe ninaijua: Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi, mwaka 1982, saa nne ya asubuhi. Siku ile nilimshika mke wangu Emérence mkono, nikamwingiza mimi mwenyewe katika chumba cha kurekodia, nikamkalisha mbele ya mikro, nikafunga mlango. Watu wanasema mambo yangu yaliharibika mwezi wa pili, alipokufa. Hapana. Mwezi wa pili karatasi tu ilipigwa muhuri. Mambo yaliharibika ile Alhamisi, na aliyeyaharibu anavaa suti yake ya abacost, safi, mpaka leo.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana wakubwa hawakuwahi kuiandika vizuri kwenye makaratasi yao. Mimi ni Philémon, mutoto wa Luhwindja, nimesoma miaka minne tu, na mwaka wa ine mwalimu alikuwa mlevi. Katika taasisi moja ya hapa Bukavu, ambayo siiti jina wasije wakasema ninaitukana, kulikuwa na chumba cha kuchunguza lugha. Mimi nilikuwa fundi wa bande. Bande ni ule utepe wa rangi ya kahawia unaozunguka juu ya mashine na kushika sauti ya mtu. Mtu anasoma orodha ya maneno, halafu mimi ninalitafuta kila neno kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka ninajua linaanzia wapi na kuishia wapi. Ninakata kwa wembe. Ninagandisha kwa utepe mweupe. Katika mashine yetu sekunde moja ya sauti ilikuwa sentimita kumi na tisa. Herufi s ya mtu asiye na haraka, hiyo ni upana wa vidole viwili. Wasomi wanaongea juu ya sauti kama watu wanaoongea juu ya malaika. Mimi sauti nimeishika mkononi, nimeihesabu kwa vidole.

Mkuu wetu aliitwa citoyen Mudekereza, citoyen maana yake mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana wakati ule. Alikuwa anatengeneza bande za kufundishia Kiswahili katika mashule ya Kivu, na alikuwa na neno moja alilolirudilia kila siku kama mtu anayetafuna muwa uliokwisha utamu: lugha inaharibiwa na midomo mivivu. Mababu walitamka vizuri, wajukuu wanachoka, basi lugha inaoza. Yeye mwenyewe hakuwahi kubeba hata kiti kutoka chumba kimoja mpaka kingine, lakini uvivu aliuona kwenye midomo ya watu wengine.

Kwa bande namba saba alihitaji mtu wa Idjwi, wa kando ya ziwa. Alikuwa ametiliwa sahihi karatasi ya safari, siku sita kisiwani, pamoja na mashine na fundi. Hatukupanda mtumbwi, hatukupanda boti. Aliniita akaniambia, kwa ule upole wa mkubwa anayetaka kitu, kwamba amesikia mke wangu alizaliwa Idjwi, basi juu ya nini tusumbuke na mawimbi. Nikamwambia Emérence anakohoa, kifua hakimuachi tangu mvua za kwanza. Akasema kusoma maneno si kulima. Na mimi nikakubali. Hapo najua ninyi mnaosoma mtasema kitu. Semeni.

Orodha ilikuwa na maneno mia moja na ishirini. Kati yake arobaini yalikuwa yanaishia na su: kisu, nusu, Yesu, na haya haya tena na tena, yamechanganywa na mengine kama sasa na darasa. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya kelele za barabara. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, na joto lile lilikuwa la ndani ya chungu. Casque ya masikioni ilikuwa moja tu, na aliyeivaa ni Mkuu, aliyekaa mle ndani mbele yake. Mimi nilikaa nyuma ya kioo, macho kwenye mshale unaoonyesha nguvu ya sauti. Kwa hiyo nilimuona mke wangu akifungua na kufumba mdomo, sikumusikia. Alitoka baada ya saa mbili, akaegemea ukuta wa nje, akatema damu kwenye kitambaa chake cha kichwa. Tangu siku ile hakulima, hakwenda soko, hakusimama tena muda wa kuimba wimbo mmoja kanisani.

Mwezi wa kumi na moja, yeye akiwa kitandani hospitalini, mimi nilikuwa ninakata sauti yake. Bande mpya hazikuwa zimefika tangu mwaka 1980, basi tulikata ile ile ya asili, nakala hakuna. Amri ya Mkuu ilikuwa fupi. Kata pale mshale unapolala, usiharibu bande kwa kimya. Na kila kisicho neno, tupa.

Nilikata. Lakini sikutupa. Sisi wa Luhwindja tumelelewa kwenye mito ya dhahabu, na kwetu mchanga uliooshwa haumwagwi. Unawekwa pembeni, maana jicho lililochoka asubuhi linaweza kuwa limeacha kitu. Baba yangu aliosha mchanga wa siku moja mara tatu. Kwa hiyo kila kipande nilichokata nyuma ya neno nilikiandikia namba kwa penseli mgongoni, nikakitia katika kopo la maziwa ya unga. Vipande vifupi, vingine sentimita mbili, vingine ine. Niliviita mikia. Kulikuwa pia na kipande kimoja kirefu, karibu mita mbili, kisichokuwa na neno la orodha isipokuwa moja mwishoni, ambalo Emérence alilisema tena baadaye. Nilikisikiliza mara moja, nikakizungushia karatasi, nikakiweka chini kabisa ya kopo. Nitakirudilia.

Emérence akafa mwezi wa pili.

Mwezi wa tatu Mkuu akaita wanafunzi sita, akawaweka darasani mbele ya kipaza sauti, wakapewa karatasi waandike wanachosikia. Bande zilipita moja moja. Ilipofika namba saba nilikuwa nimesimama karibu na mashine. Sauti ya mke wangu ikatoka katika lile sanduku, nzima, ya karibu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Katika yale maneno arobaini ya su, wanafunzi wengi walikuwa wameandika sh kwenye ishirini na sita. Kish. Nush. Yesh. Kwenye sasa na darasa, hakuna hata mmoja aliyeandika sh. Mkuu alipita na kalamu nyekundu, akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

“Ata jina la Bwana anatafuna. Hii ni mudomo muvivu, njo ninasemaka kila siku. Siwezi kufundisha batoto na mudomo kama hii.”

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekutolea pole, kwamba namba saba itafutwa Ijumaa, na bande itumike tena. Bande yenye viungo zaidi ya mia mbili. Mtu anayetaka kurekodi juu ya bande kama hiyo hajawahi kuigusa hata kwa bahati mbaya. Lakini hiyo haikuwa shida yangu. Shida yangu ni kwamba picha ya Emérence sikuwa nayo, isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, macho yamekodolewa kwa woga. Kila kilichobaki cha mke wangu duniani kilikuwa juu ya gurudumu lile, na siku zilikuwa ine.

Nikaenda kwa Delphine. Alikuwa msaidizi wa Mkuu, binti wa hapa Kadutu, aliyesoma mbali na kurudi bila kusahau kusalimia. Kwenye karatasi za kazi alikuwa na jina lingine, jina la authenticité, la kienyeji kama Serikali ilivyoamuru, lakini kwenye korido alikuwa Delphine. Nikamwambia nimeishi na yule mwanamke miaka kumi na moja, ameniambia leta kisu mara ngapi, sijawahi kusikia kish. Labda mimi ni kiziwi. Au labda bande inasema uongo.

Hakucheka. Akaniambia nishike s ya sasa bila kuimaliza. Nikashika: sss. Halafu akaniambia nianze kusema nusu, nisimame kwenye s. Nikashika. Ilikuwa nzito zaidi, imeshuka chini, kama upepo unaoingia kwenye chupa.

“Juu ya nini imeshuka?” akauliza.

Nikajigusa mdomo. Midomo ilikuwa imekwisha kutangulia mbele, inangojea u, na u yenyewe haijafika. Emérence alikuwa wa watu wanaochongoa midomo sana. Nilikuwa ninamtania anapiga mluzi.

“Njo vile kwa kila mutu, Papa Philé,” Delphine akasema. “Midomo inatangulia, na s inachukua rangi ya u. Lakini sikio si pumbavu. Likisikia u nyuma, linajua: ah, huu uzito ni wa midomo ya u. Linautoa, linabakiza s safi. Unafanya vile siku muzima bila kujua.”

“Na kama u haiko?”

“Kama u haiko, sikio halina mutu wa kubebesha ule uzito. Linabebesha s yenyewe. Na s nzito inaitwa nini?”

Akili yangu ilikuwa imekwisha kufika kwenye kopo la maziwa. Mwanamke mwenye kifua kibovu, mwisho wa neno pumzi imekwisha. U yake ilitoka kama mnong'ono tu, na mnong'ono hauinui mshale. Mshale unalala. Pale mshale unapolala, kata. U zake zote nilizikata mimi, kwa wembe wangu, moja baada ya nyingine, kwa utii. Zilikuwa ndani ya kopo.

Tulifanya kazi siku tatu, saa ya mapumziko, Mkuu anapokwenda kula na kulala. Delphine alisoma namba, mimi niligandisha. Mkia wa sentimita mbili unateleza kwenye vidole kama kidagaa. Baada ya s, mkia, baada ya mkia, neno linalofuata. Mikia arobaini ilirudi kwenye mwili wake. Kisha Delphine akaniomba kitu kingine, ambacho sikukielewa mpaka nilipokisikia. Nichukue s moja tu, ya nusu moja iliyosemwa vizuri na mtu mwingine mwenye afya, bande namba tatu. Niigandishe mbele ya a iliyotolewa kwenye sasa. Wanafunzi wasikilize. Halafu s ile ile, kipande kile kile, niirudishe mbele ya u yake. Wasikilize tena.

Katika siku hizo tatu, nikiwa nyumbani jioni moja ninakunywa chai, binti yangu Cibalonza, miaka ine, akanionyesha muhogo. “Papa, leta kish.” Nikakaa chini. Miezi ya mwisho ya mama yake aliipitisha amejilaza nyuma ya mgongo wake kitandani, haoni midomo, anasikia pumzi inayokatika. Hapo hakuna wembe uliokata. Mutoto alisikia alichosikia, akakichukua kuwa neno. Nilipomsimulia Delphine alisema lugha zinageuka hivyo: si kwa mdomo unaochoka peke yake, ni kwa sikio linalokosa sababu ya kile lililokisikia, halafu linafungua mdomo wake na kusema hivyo hivyo. Mama anakuwa amesema s. Mutoto amesikia sh. Hakuna mvivu hata mmoja ndani ya nyumba.

Alhamisi, Delphine akamwomba Mkuu asikilize kabla ya kufuta. Akakubali, kwa sababu alikuwa anapenda kukaa mbele ya wanafunzi. Wale wale sita, kipaza sauti kile kile. Bande namba saba ikapita na mikia yake. Karatasi zikakusanywa: kati ya maneno arobaini, sh ikabaki kwenye mawili.

Mkuu akatazama karatasi, akatafuta kalamu nyekundu mfukoni, akaikosa.

Akasema wanafunzi wamezoea sauti. Delphine akapitisha kile kipande cha namba tatu. Mbele ya a, wanne kati ya sita waliandika sha. Mbele ya u, wote sita waliandika su. Mkuu akafurahi, akasema si mnaona, ya kwanza ni mbovu na ya pili ni nzuri. Hapo mimi nikaondoa bande kwenye mashine, nikamwekea mezani, nikamwonyesha namba niliyoandika mgongoni kwa penseli. Kipande kimoja. Kilitoka pale, kikaja hapa. Sentimita zile zile. Kwenye bande hakikubadilika kitu. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya vichwa sita vilivyokaa kwenye viti.

“Basi,” Mkuu akasema, “kosa ni ya fundi. Ni wewe ulikata vibaya.”

“Wembe ulikuwa mukononi mwangu, Citoyen Directeur. Amri ilikuwa mudomoni mwako. Mudomo ule haukuwa muvivu.”

Mwanafunzi mmoja akakohoa ili asicheke. Mkuu akasimama, akanyoosha abacost yake, akatangaza kwamba namba saba haitafutwa. Akalisema kama zawadi anayotoa yeye. Akaongeza kwamba jambo hili la sikio alikuwa amelifikiria zamani, na ataliandika. Niliwahi kuona mbuzi akitembea mbele ya ng'ombe na kudhani anawaongoza. Uso wake ulikuwa ule ule.

Ningenyamaza hapo. Nilikuwa nimepata nilichotaka, sauti ya Emérence haitafutwa. Lakini nilimtazama akikusanya zile karatasi, anazipanga, anazitia kwenye mfuko wake wa ngozi, na nikajua atakwenda nazo Lubumbashi au Kinshasa, atasimama mbele ya watu, atawafundisha jinsi sikio linavyosikia. Yeye. Basi nikatia mkono ndani ya kopo mpaka chini kabisa, nikakitoa kile kipande kirefu, nikakipitisha kwenye mashine kwa mkono wangu bila kuomba ruhusa.

Kilianza na pumzi. Pumzi mbili, tatu, za kupanda mlima. Halafu sauti ya Emérence, polepole, kwa heshima.

“Papa Directeur, nachoka. Fungua kadirisha, niache nipumue kidogo.”

Halafu kimya cha kama sentimita thelathini. Halafu sauti ya Mkuu mwenyewe, safi, iliyoshiba, kila herufi mahali pake.

“Endelea, maman. Namba sitini na tatu.”

Na mke wangu, mtiifu, akasema: kisu.

Hakuna aliyeandika kitu. Bande ilitoka mwisho wa gurudumu ikawa inapiga piga mezani, tap, tap, tap, mpaka Delphine akazima mashine. Nikamuuliza Mkuu swali langu, mbele yao wote, bila kupandisha sauti. Akachukua mfuko wake, akatoka. Jumatatu iliyofuata nilipelekwa kulinda geti la gereji, na bande namba saba ikaingia kwenye kabati lake, imeandikwa jina lake. Nimemwomba Mkuu mara tatu kwa barua Cibalonza asikilizishwe sauti ya mama yake, walau mara moja, ajue kwamba ilikuwa kisu. Nimejibiwa ni mali ya Serikali. Kile kipande cha mita mbili ninacho mimi, mashine ya kukisikiliza sina.

Swali lenyewe katika barua nimeliandika chini kabisa, kila mara, kwa herufi kubwa, ili asiseme halikuonekana. Casque ilikuwa moja, na uliivaa wewe. Midomo yake uliiona, pumzi yake uliisikia, hakuna wembe wa mtu yeyote uliokuwa umekata kitu kati ya mdomo wake na sikio lako. Sasa pale aliposema niache nipumue, Citoyen Directeur, wewe ulisikia nini?